Tuna si Tuma: Hoja Dhidi ya Kusoma kwa Kukisia

Sisi wanafunzi wa Kiswahili tumezoea kupeana jibu moja kila tunapokutana na neno lililoharibika: soma kwa muktadha. Neno likikataa, tazama yaliyo kando yake, utapata maana. Nimelisikia jibu hilo darasani, nimelitoa mwenyewe kwa wenzangu, na mwaka jana lilimpotezea shangazi yangu fedha na mnunuzi wake wa miaka mitatu. Katika insha hii ninadai kwamba, linapokuja suala la ujumbe uliopitia kisahihishi cha simu, muktadha ni mwalimu mbaya kama ndiye wa kwanza kusikilizwa. Kisahihishi hubadilisha neno ili lionekane sawa. Msomaji anayetafuta kinachoonekana sawa anaikamilisha kazi ya mashine badala ya kuitengua.

Shangazi anaishi Masinya, wilaya ya Busia upande wa Uganda. Nyumbani tunazungumza Kisamia na Kigwe, lakini mahindi yakivuka mpaka huvuka kwa Kiswahili. Mnunuzi wake yuko Busia upande wa Kenya. Shangazi hutumia katochi, simu ndogo ya vitufe, na mnunuzi wakati ule alikuwa amenunua simu mpya ya kugusa. Mimi nilikuwa chuoni. Kwa kuwa ndimi niitwaye mtu wa Kiswahili katika ukoo, shangazi akiona ujumbe wenye mushkeli hunipelekea kama ulivyo, kisha hunipigia. Siku hiyo alinipelekea huu:

"Mulembe mama. Tuna gunia nine za mahindi Leo saa name. Bei no ile ile. Vijana wake watakuja kupakia."

Akaniuliza, "Mwanangu, huyu bwana anasema nini?"

Nilisoma kwa muktadha, kama nilivyofunzwa. Ulikuwa msimu wa mavuno, mahindi yalikuwa mengi kila upande, na bei zilikuwa zinashuka. Basi nikamweleza hivi: huyu bwana anakuarifu kwamba wao wana magunia tisa leo, yatafika saa nane kutoka kwa muuzaji mwingine, bei si ile ya zamani tena, na vijana wa huyo muuzaji ndio watakaoshughulika na mzigo. Kwa maneno mengine, hakuhitaji leo. Sikuona pengo lolote. Hata lile "saa name" halikunisumbua. Nilijua ni saa nane, nikatabasamu, nikapita.

Shangazi aliuza magunia yake manne kwa mchuuzi wa jirani kwa bei iliyokuwa chini kwa shilingi 100 za Uganda kwa kila kilo. Gunia lake ni la kilo 100, kwa hiyo alipoteza shilingi 40,000. Saa nane mchana vijana wa mnunuzi walifika na gari, wakakuta ghala tupu. Mnunuzi alikuwa ameandika hivi:

"Mulembe mama. Tuma gunia nne za mahindi leo saa nane. Bei ni ile ile. Vijana wale watakuja kupakia."

Tazama umbali ulivyo mdogo. Neno moja limegeuza agizo kuwa taarifa, jingine limegeuza nne kuwa tisa, jingine limeigeuza bei iliyodumu kuwa bei iliyobadilika, na jingine limewapa vijana wa siku zote bwana mpya. Na kila sentensi bado ilisomeka. Wenzangu wengi wakisikia kisa hiki hucheka, kisha humlaumu mnunuzi: angesoma kabla ya kutuma. Ni kweli, angesoma. Lakini aliniambia baadaye kwamba aliyarudisha maneno kadhaa kwa mkono mpaka akachoka. Ndiyo maana "Mulembe" na "ile ile" zilibaki salama. Mimi, niliyekuwa nimekaa kwa utulivu na ujumbe mfupi wenye sentensi chache mbele yangu, sikuchoka. Lawama yangu ni kwangu, na kwa namna ya kusoma niliyokuwa naiona kuwa ni ujuzi.

Ili tuone kosa langu lilipo, yafaa tujue kisahihishi kinafanya nini. Mtu anapobonyeza nafasi baada ya neno, simu hulinganisha herufi zilizoguswa na orodha ya maneno iliyonayo. Ikiwa neno halimo, hutafuta lililo karibu: ni neno gani katika orodha ambalo kidole kilichoteleza kidogo kingeweza kulizaa hili? Mwaka 1964 Fred Damerau, aliyekuwa akichunguza makosa ya tahajia kwa ajili ya kompyuta, alionyesha kwamba zaidi ya asilimia 80 ya makosa aliyoyapitia yalikuwa ya aina nne tu: herufi moja imebadilishwa, imezidi, imekosekana, au herufi mbili jirani zimepishana. Wazo hilo bado limo katika visahihishi vya leo, pamoja na mambo mawili mengine. La kwanza ni ujirani wa vitufe: katika kibodi ya kawaida N iko kando ya M, I kando ya O, K kando ya L, na kuteleza baina yao huhesabiwa kuwa kosa jepesi. La pili ni mazoea: kati ya maneno yaliyo karibu, hupewa nafasi lile linalotumiwa sana, na katika simu nyingi hutazamwa pia neno lililotangulia.

Sasa weka kamusi ya Kiingereza katika simu ya mtu anayeandika Kiswahili. Kwa mashine hiyo, "tuma" ni kosa. Hatua moja tu kutoka hapo, M ikiwa N, kuna "tuna", ambaye kwa Kiingereza ni samaki jodari. Mashine inadhani inamsaidia mtu aliyetaka kuandika habari za jodari. Haijui kwamba imetua juu ya neno la Kiswahili lenye maana ya "sisi tunacho". Hapo ndipo hatari ilipo. Kama ingetoa neno lisilo na maana kwetu, tungeshtuka. Imetoa neno tunalolitumia kila siku, na tukaendelea kusoma.

Yako maneno mengine ya namna hiyo. "Wake" ni neno la Kiingereza na pia ni kimilikishi chetu, nalo liko hatua moja kutoka "wale", kwa kuwa K na L ni majirani. "No" si neno letu, lakini huku mpakani tunachanganya lugha kiasi kwamba macho hulisoma kuwa "hapana" bila kuuliza. "Nine" vivyo hivyo: mfanyabiashara wa Busia anaweza kabisa kusema "magunia nine", kwa hiyo hakuna anayeshangaa. Kuchanganya ndimi, jambo ambalo ni la kawaida kwetu, kumeipa mashine maficho.

Kuna na jambo ambalo msomaji hulisahau: mstari mwekundu na pendekezo lililotokea juu ya vitufe hubaki kwa mwandishi. Ujumbe ukifika, hauna kovu. Katochi ya shangazi haikuonyesha kwamba neno lolote lilibadilishwa. Kwa hiyo ushahidi wote unaoweza kuupata uko katika herufi zenyewe, na anayeziruka herufi akakimbilia maana ametupa ushahidi wote alionao.

Nitarudi sasa kwenye ujumbe ule ule, niusome kama nilivyopaswa kuusoma. Nilifanya hivi jioni ile, nikiwa nimechelewa.

Hatua ya kwanza ni kutafuta kosa linaloonekana, na kuliuliza maswali badala ya kulisamehe. "Saa name" ni kosa linaloonekana. Nililitengeneza kichwani na kupita, ilhali lilikuwa shahidi muhimu kuliko wote. Lilikuwa linaniambia mambo mawili: kwamba simu iliyoandika ina kamusi ya Kiingereza, maana "name" ni Kiingereza cha "jina", na kwamba katika ujumbe huu N imegeuzwa kuwa M. Shahidi wa pili ni "Leo". Kwa nini ianze kwa herufi kubwa katikati ya sentensi? Kwa sababu katika kamusi ya Kiingereza Leo ni jina la mtu. Neno halikubadilika, lakini mashine imeacha alama ya kidole chake. Mtu akishaona mashahidi hawa wawili, hana tena haki ya kuliamini neno lolote fupi katika ujumbe huo kwa sababu tu linasomeka. Kosa linaloonekana linashuhudia makosa yasiyoonekana.

Nimesema neno fupi, na hiyo ndiyo hatua ya pili: amini marefu, shuku mafupi. Kitenzi cha Kiswahili hubeba mzigo mkubwa. Chukua kitenzi kimoja, nafsi sita za kiima, nyakati nne za na, li, ta na me, kisha nafsi sita za yambwa au kutokuwa na yambwa kabisa: sita mara nne mara saba ni maumbo 168 ya kitenzi kimoja. Machache hayatumiki, lakini hapo hatujagusa ngeli nyingine, ukanushi wala minyambuliko. Kwa kamusi ya Kiingereza maumbo hayo yote ni mageni, lakini ni mageni ya mbali. "Watakuja" halina jirani wa Kiingereza wa hatua moja. Mashine hutazama, hukosa, huliacha. "Tuma", "nne", "nane", "wale" na "ni" yamezungukwa na majirani. Kwa hiyo katika ujumbe ule, "mahindi", "watakuja" na "kupakia" ni nguzo za kuegemea. "Tuna", "nine", "no" na "wake" ni washukiwa.

Hatua ya tatu ni kuorodhesha, kwa kila mshukiwa, maneno ambayo kidole kingeweza kuyagusa. Hapa maana haijaitwa bado. Kwa "tuna" nilipata tuma, kwa kubadilisha herufi moja jirani; tunda na tunza, kwa kuongeza herufi moja; na tuna yenyewe, kwa kuwa huenda haikuguswa. Kwa "nine" nilipata nne, iliyoongezewa I, na nane, iliyobadilishwa A. Tisa haimo katika orodha hiyo hata kidogo: kutoka "tisa" hadi "nine" ni herufi tatu kati ya nne, na kisahihishi hakirukii mbali hivyo. Mimi nilisoma tisa kwa sababu nilitafsiri Kiingereza cha mashine, kana kwamba mnunuzi ndiye aliyekiandika. Kwa "no" nilipata ni na na. Kwa "wake" nilipata wale, wako na wake yenyewe.

Hatua ya nne ndiyo inayoita sarufi, na hapa sisi wanafunzi wa Kiswahili tuna silaha ambayo wengine hawana: upatanisho. Sentensi "Vijana wake watakuja" ina kimilikishi cha nafsi ya tatu. Ni nani huyo mwenye vijana? Katika ujumbe mzima kuna mimi ninayeandika na wewe mama unayeandikiwa, hakuna yeye. Nilipousoma mara ya kwanza nilimbuni mtu, muuzaji mwingine, ili tu "wake" ipate mwenyewe. Hiyo ni dalili ya kukumbuka: ukijikuta unaongeza mtu au kitu ambacho hakijatajwa ili sentensi isimame, sentensi hiyo ina neno la mashine. "Wako" nayo haifai, kwa kuwa shangazi hana vijana wa kupakia. "Wale" inasimama bila msaada wa mgeni yeyote.

"Bei no ile ile" huanguka kwa njia hiyo hiyo. Kiswahili hukanusha kwa "si", na mtu anayeandika "ile ile" kwa utulivu namna hii hana sababu ya kuruka Kiingereza kwa neno moja kisha arudi. "Bei na ile ile" haisimami. Inabaki "ni", na I na O ni majirani.

"Nine" inahitaji subira zaidi, kwa kuwa nne na nane zote zinakubalika baada ya "gunia". Hapa nilitumia ushahidi wa ndani. Katika ujumbe huo huo simu hiyo hiyo ilikutana na "nane" na ikatoa "name". Kama idadi ya magunia nayo ingekuwa nane, ningetarajia "name" tena. Simu aghalabu humtendea neno moja kwa namna moja, ingawa neno lililotangulia laweza kubadilisha uamuzi. Basi nne ina nguvu zaidi. Tazama pia "gunia za". Mnunuzi ameliweka neno katika ngeli ya I-ZI, kama wengi wasemavyo sokoni. Katika ngeli hiyo nne husimama bila kiambishi. Kama angeandika "magunia", kiambishi kingetokea katika "manne", na mashine ingelazimika kuharibu neno tofauti kabisa.

Ikabaki "tuna". Tunda na tunza haziwezi kuongoza sentensi ile. Tuma na tuna zinaweza zote mbili, na sarufi haichagui kati yao. Hapo tu, baada ya orodha kupungua hadi maneno mawili, ndipo nilipoita muktadha, nao nikauita kutoka ndani ya ujumbe, si kutoka kwenye uvumi wa bei za msimu. Neno refu la mwisho ni "kupakia". Anayeletewa mahindi hupakua. Anayekwenda kuyachukua hupakia. Vijana wanakuja kupakia, kwa hiyo mzigo uko kwa anayeandikiwa. Basi ni tuma. Nakiri kwamba hata shahidi huyu si mtakatifu, maana I na U ni majirani na kidole cha mtu chaweza kuteleza bila mashine kuhusika. Lakini alikuwa akisema jambo moja na "wale", "ni" na "nne", na mashahidi wanne waliohojiwa mbalimbali wakikubaliana, mtu ana haki ya kuwasikiliza.

Hatua ya mwisho ni kupima kwa kwenda mbele. Nilifungua simu yangu, nikaweka kamusi ya Kiingereza, nikaandika sentensi niliyoikisia, neno kwa neno. "Tuma" ikawa "tuna" mbele ya macho yangu. "Nane" ikawa "name". "Nne" ilitoa "nine" kwangu, lakini kwa simu ya mwenzangu wa chumba ilitoa "one". Hilo ni funzo kuhusu mipaka ya kipimo hiki: simu hujifunza kwa mwenyewe, na orodha za maneno hutofautiana. Ikizaa kosa lile lile, dhana yako imepata nguvu. Isipolizaa, dhana haijafa.

Najua pingamizi zitakazokuja. Ya kwanza ni kwamba hii yote ni muktadha kwa jina jingine, kwa kuwa mwishoni niliuita. Sikubali. Tofauti iko katika mpangilio. Anayeanza na maana huchagua neno lolote linalofaa, hata kama hakuna kidole ambacho kingelizaa. Ndivyo nilivyopata tisa. Anayeanza na vidole hupata orodha fupi, na maana huchagua ndani ya orodha hiyo tu. Wahariri wa tenzi za kale wanalijua jambo hili vizuri kuliko sisi. Katika hati za Kiarabu zilizoandikia Kiswahili, herufi ba mara nyingi ilisimama kwa b, kwa p na kwa mb. Mhariri hawezi kuweka neno linalompendeza. Kwanza huuliza herufi inaruhusu usomaji upi, kisha vina na mizani humwondolea usiofaa. Ujumbe wa mahindi hauna vina wala mizani, lakini una upatanisho wa kisarufi, na kazi ni ile ile. Ni ajabu kwamba tunauheshimu utaratibu huo katika somo la hati za kale, kisha tunautupa mara tu maandishi yanapofika kwenye kioo cha simu.

Pingamizi ya pili ni kwamba dawa ni kuwasha kamusi ya Kiswahili na mambo yaishe. Kamusi hizo zipo, na mnunuzi ameiwasha tangu siku ile. Lakini nasema haimalizi, na kwa njia moja inaongeza hatari. Kamusi ya Kiingereza hutuachia alama: herufi kubwa katika "Leo", neno geni kama "name". Kamusi ya Kiswahili hukosea kwa Kiswahili. Kidole kikiyumba juu ya "kupakia", inaweza kuweka "kupakua", na hapo hakuna geni lolote katika sentensi. Gari litafika likiwa tupu au limejaa, na msomaji hatakuwa na shahidi isipokuwa ujirani wa I na U. Kadiri mashine inavyokijua Kiswahili, ndivyo kosa lake linavyozidi kuwa fasaha, na ndivyo tunavyozidi kuhitaji kusoma vidole.

Pingamizi ya tatu ndiyo nzito zaidi: kwa nini ujitese, si upige simu tu? Katika jambo la fedha, idadi, saa au dawa, nakubali bila kubishana. Ujuzi wote nilioueleza hautoi hakika. Hutoa dhana iliyopimwa. Ningeshafika kwenye tuma na nne, bado ningepaswa kumwambia shangazi, "Muulize kama anataka nne leo saa nane." Lakini angalia: ili mtu apige simu, lazima kwanza ashuku, nami sikushuku. Nilikuwa na maana nzuri mkononi, na mwenye maana nzuri hapigi simu. Mwanafunzi anayejua kwamba "name" ni shahidi na kwamba "tuna" ni mshukiwa atapiga, na atajua swali la kuuliza.

Kwa mwandishi nina ombi moja tu, nalo ni dogo: andika idadi kwa tarakimu. Kisahihishi hakigeuzi 4 kuwa 9. Mnunuzi wetu sasa huandika "Tuma gunia 4, saa 8", na hata "tuma" ikiharibika, nusu ya hasara imezuiwa.

Kwa walimu wetu nina ombi jingine. Katika mazoezi ya kusahihisha maandishi tunapewa sentensi mbovu na kuambiwa tuandike sahihi. Tunapata alama tukiandika sentensi inayopendeza. Tupewe ujumbe kama huu wa Masinya, na alama zitolewe kwa orodha ya maneno yaliyowezekana na sababu za kuyaondoa moja moja, hata kama mwishoni mwanafunzi ataandika, "Yamebaki mawili, lazima mwenyewe aulizwe." Jibu hilo lingemfaa shangazi kuliko tafsiri yangu fasaha.

Mnunuzi alirudi baada ya miezi miwili, kwa magunia mawili, kisha matatu. Mpaka leo shangazi akinipelekea ujumbe huongeza sentensi moja mwishoni, ambayo naichukua kuwa ukaguzi na adhabu kwa pamoja: "Soma herufi, mwanangu. Maana niachie mimi."